Kipira cha Mdomo wa Bata

Nauza vitu vya watoto wachanga, na siku hizi nusu ya kazi yangu ni kutazama picha za vitu vilivyofumuliwa. Watu hufungua kitu kwa mbwembwe, wakashindwa kukirudisha, kisha wananitumia picha na kuuliza hiki ni cha nini. Yupo aliyenitumia kifungo cha kiti cha gari, kile cha kubana mkanda, akidhani kimetoka kwenye chupa ya maziwa. Mimi huwacheka kwanza, kisha nawajibu.

Asubuhi ile picha ilitoka kwa mwalimu mmoja niliyemuuzia pampu ya kukamulia maziwa. Likizo yake ya uzazi ilikuwa inaisha, na kesho yake alitakiwa darasani. Vipande alivitandaza juu ya shuka la maua, na kipira cheupe kwenye waridi jeupe nani atakiona? Chini yake aliandika kwamba pampu inanguruma tu, maziwa hayaji. Mama mkwe amesema yamekauka, na mtoto aanze ya kopo kesho. Aliuliza ni kipande gani kimepotea. Nikajua mtu huyu amelia kabla ya kuandika.

Nilimuuliza jambo moja: mtoto akinyonya, anashiba? Akajibu kwamba anashiba, anacheua, analala. Nikamwambia basi maziwa yapo, tutafute mwizi kwenye pampu. Aweke vipande juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha, apige picha kimoja kimoja.

Hakuna kilichopotea. Faneli inayokaa kwenye titi ipo, chupa ipo, mrija upo, na kipira kile chenye midomo miwili iliyobanana kama mdomo wa bata nacho kipo. Nikaikuza picha. Midomo haikubanana. Ilikuwa wazi, na uwazi wenyewe umenyooka. Mpira ukichakaa unalegea au unapasuka ovyo, hauchaniki kwa mstari. Pale palipita mkasi. Nilimwandikia aje dukani na pampu yote, kwa kuwa vipira hivyo vina ukubwa tofauti na kisichokaa sawasawa hakisaidii kitu.

Wakaja watatu: mwalimu, mtoto, na mama mkwe aliyembeba mtoto kifuani, akinitazama kama mtu aliyekuja kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Nikachukua kile kipira na kuwaonyesha. Pampu ikivuta, midomo hujifunga, hewa haipiti, ndipo maziwa yanavutwa. Ikiachia, midomo hufunguka na maziwa yanadondoka chupani. Hiki kimekatwa, kwa hiyo pampu inavuta hewa ya chupani bure. Nikauliza nani alikikata, na papo hapo nikajuta kuuliza.

Mama mkwe alimhamishia mtoto begani. Kisha akasema, taratibu, kwamba alikuwa anaosha vyombo, akakiona kipira hiki, akadhani ni chuchu ya chupa yenye tundu finyu. Wanawe wote aliwalea kwa kupanua tundu la chuchu kwa mkasi, maziwa yalipokuwa yanachelewa. Aliona anamsaidia mkwewe.

Nikachagua kipira kipya kinacholingana, nikakipachika mpaka kikakaza, nikaiwasha pampu. Nikamwomba yule mama aweke kiganja kwenye mdomo wa faneli. Aliweka kwa woga. Kiganja kikavutwa, kikaachiwa, kikavutwa tena. Hakukitoa. Machozi yalimtoka huku kiganja kikiwa palepale.

"Hukukauka, mwanangu," akamwambia mkwewe. "Nimekukausha mimi kwa maneno yangu."

"Mama, ulitaka nipate maziwa," mwalimu akajibu. "Na mimi nilitaka hayo hayo."

Nilikuwa na jiko dogo la chai nyuma ya duka. Tukachemsha kipira, faneli na chupa, tukasubiri vipoe, nikamfungia mwalimu pazia la stoo. Mtoto alipoanza kulalamika, bibi yake akamwimbia kwa sauti ya chini, akiwa ameelekeza sikio kwenye pazia. Pampu ilibadili mlio. Ukishauza hizi pampu miaka kadhaa unaujua mlio huo, mzito na wa kushiba, nikatabasamu peke yangu.

Mwalimu alitoka na chupa, imefika nusu. Mama mkwe aliipokea kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kwenye mwingine, akaipeleka dirishani kama nilivyowaelekeza kupiga picha. Akaitazama weee. Halafu akanigeukia mimi.

"Ipige picha hii," akasema. "Umtumie mwanangu, baba wa mtoto huyu, kazini kwake. Mwambie mama yake amesema kopo asinunue."

Nikapiga. Nimepokea picha nyingi za vipande, lakini ile ya chupa ndiyo niliyoibandika mlangoni.