Ukumbi wa Watu Elfu Tano

Chama kilituma picha ya mkutano wake na majigambo: watu elfu tano katika ukumbi wa michezo wa mjini! Tsvetana, mkaguzi wa habari katika gazeti dogo la mji huo wa Bulgaria, alicheka mpaka kahawa ikampalia.

Sakafuni mistari ya mpira wa mikono ilionekana: mita arobaini kwa ishirini. Jukwaa lilimeza mita kumi za urefu, zikabaki mita za mraba mia sita. Wakisimama wawili katika kila mita, kwa usalama, ni elfu moja na mia mbili. Elfu tano wangekuwa zaidi ya wanane kwa mita, na hapo mtu hata kupumua hawezi. Akaandika, na gazeti likachapa: ukumbi hauwezi kubeba salama zaidi ya elfu moja na mia mbili.

Bachvarov, katibu wa chama, alimpigia mhariri akiwaka moto. "Huyo bibie afukuzwe kabla ya saa sita, la sivyo tuonane mahakamani!"

"Umeniponza, Tsveti," mhariri akalalama. "Una uhakika na hesabu yako?"

Tsvetana akampelekea picha kamanda wa zimamoto amhakikishie. Kamanda alikuwa mtu wa maneno machache.

"Sakafu umeipatia. Mlango wa nyuma je?"

"Upi?"

"Huo uliozibwa na jukwaa. Kwa mlango mmoja uliobaki, mwisho ni mia tano. Na hao wanaosema elfu tano, nitawafuata leo hii. Hiyo ni kesi ya jinai."

Aibu ilimshika Tsvetana. Alikuwa ametazama sakafu tu, kana kwamba watu hutokea sakafuni badala ya mlangoni.

Saa sita haijafika, Bachvarov, aliyekwisha kufuatwa na kamanda, akaingia mwenyewe, mkononi banitsa, pai ya moto ya jibini.

"Dada yangu, kula kwanza. Sisi tulikuwa mia nne na themanini tu."

"Jana mlikuwa elfu tano!"

"Jana nilikuwa na furaha. Sasa gazeti lako limetukuza kupita kiasi. Tunataka mtuombe radhi."

Mhariri akashusha pumzi. Kazi ya Tsvetana ilikuwa imepona. Aliandika masahihisho: kwa mlango ule mmoja, kikomo salama ni mia tano, na gazeti linaomba radhi kwa kukosea. Waliohudhuria kweli, akasema, picha haiwezi kuwahesabu. Chama kinadai mia nne na themanini. Kamanda hakuwa na ushahidi mwingine, akafunga jalada.

Jioni mama yake, aliyekwenda mkutanoni kwa ajili ya soseji za bure, alisoma masahihisho akavua miwani.

"Mia nne na themanini? Wewe mtoto, mimi nilibebwa na msongamano wa watu mpaka mlangoni. Miguu yangu haikugusa chini."