Asilimia Thelathini, Bila Kupunguza

Siku ya kuomba nyongeza ya mshahara, niliamka kabla ya kengele ya simu.

Mimi nimeajiriwa mapokezi kwenye ofisi ya vifurushi. Unaleta mzigo, naupima, nabandika stika, nakupa risiti, kwaheri. Ndivyo mkataba unavyosema. Lakini yule kaka aliyekuwa anapanga safari za pikipiki alipoacha kazi, kazi yake iliniangukia mimi, tena niliambiwa ni kwa muda tu. Huo muda umefika miezi minane. Mshahara bado ule ule wa mapokezi. Nikajiapiza kabisa: wakinikatalia, naanza kutafuta kwingine. Na kazi yenyewe naipenda, hapo ndipo panaponiumiza.

Madereva wa pikipiki wananiita Mnara, kwa sababu napatikana muda wote. Meneja wetu wao wanamwita Breki. Ukimpelekea wazo lolote, linasimama hapo hapo.

Nilimtumia ujumbe mapema: naomba nusu saa tuzungumze kuhusu nafasi yangu na mshahara. Sikutaka kumvizia koridoni akiwa na chai mkononi. Akajibu "Jumatano mchana, pikipiki zikishatoka." Hakuweka hata nukta. Niliusoma ule ujumbe mpaka simu ikapata joto.

Jumanne jioni nikaenda saluni kwa dada yangu anifanyie mazoezi. Dada ni msusi. Alikuwa anamsuka mama mmoja mnene, mkali wa macho, mteja wake wa siku nyingi.

"Haya, mimi ndiyo Breki," dada akasema, kitana mdomoni. "Unataka nini?"

"Bosi, samahani kukusumbua, najua hali ni ngumu..."

"Umeshanyimwa," mama mteja akadakia. "Mwanangu, unaomba radhi umevunja nini? Anza na kazi."

Nikaanza na kazi. Nikaeleza ninavyopigia wateja simu asubuhi kabla mzigo haujapakiwa, nijue nani yupo nyumbani na nani hayupo. Nikaeleza ninavyopanga mizigo kwa mitaa, dereva asizunguke kama pia. Nikamaliza kwa kusema nataka asilimia thelathini juu ya ninachopata.

Dada akanyamaza, anasuka tu.

"Au ishirini," nikasema.

Bado kimya.

"Hata kumi na tano si mbaya."

Dada akacheka mpaka kitana kikadondoka. "We mtoto, hakuna aliyekukataa. Unajipunguzia mwenyewe."

Ugonjwa wangu ndio huo. Kazini, dereva akinyamaza kwenye simu maana yake mtandao umekata au kapata ajali, kwa hiyo kimya nakijaza haraka haraka. Nimezoea hivyo kutwa nzima. Tulirudia mpaka mama mteja akamaliza kusukwa, na mara ya mwisho nilikaa kimya huku nimekalia viganja vyangu.

Jumatano nikaingia kwa Breki na karatasi moja, nakala mbili, moja yake moja yangu. Simu mfukoni, mlio nimezima. Chumba kinanuka wino wa printa. Koo limekauka, na chupa ya maji nimeisahau mapokezi.

"Karibu, binti. Kaa. Kuna nini?"

"Asante kwa nafasi, bosi. Nimekuja kuomba mshahara wangu ulingane na kazi ninayofanya sasa." Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Kabla sijaanza kupanga safari, kwenye kila vifurushi mia, ishirini vilikuwa vinarudi havijafika kwa mteja. Miezi mitatu hii vinarudi nane. Kila kinachorudi tunakisafirisha mara ya pili kwa mafuta yetu. Hesabu ziko hapo, zinatoka kwenye mfumo wetu wenyewe. Hapo chini kuna matangazo mawili ya kazi kama hii kwenye kampuni zingine, na wanacholipa. Naomba nipewe cheo cha mpangaji safari, na nyongeza ya asilimia thelathini."

Breki akaichukua karatasi. Akanyamaza.

Jamani, kile kimya. Feni inalia. Anasoma, anageuza nyuma ambako hakuna kitu, anarudi mbele. Nikakalia viganja. Ishirini ikapanda kooni, nikaimeza. Kumi na tano nayo ikapanda, nikaimeza. Mdomo ukashindwa kabisa, ukafunguka wenyewe:

"Bosi, upo? Unanisikia?"

Akainua macho. "Nipo mbele yako, Mnara."

Nilitamani sakafu initafune. Kumbe hata yeye analijua hilo jina. Lakini asilimia sikuigusa.

"Swali moja," akasema. "Lile duka la viatu lilituacha lini?"

Duka la viatu lilikuwa linatuletea mizigo yenye anwani nusunusu, nusu yake inarudi. Liliondoka muda mfupi tu baada ya mimi kuanza kupanga safari. Na mimi kwenye hesabu zangu sikulitoa.

"Liliondoka nilipokuwa ndiyo naanza, bosi."

"Kwa hiyo vifurushi vimeacha kurudi kwa sababu yako, au kwa sababu wao wameondoka?"

Ningeweza kuanza kubisha. Ningeweza pia kulia, nilikuwa karibu. "Ni swali la haki," nikasema. "Sikulitoa, na nilipaswa kulitoa. Jedwali lenyewe ninalo kwenye simu, limegawanywa kwa kila mteja. Niruhusu nilichuje sasa hivi."

"Chuja."

Nabonyeza mteja siye, narudi, nabonyeza tena. Kama hesabu ingekuja nane zamani na nane sasa, ningenyanyuka nikaomba radhi kwa kumpotezea muda. Nikamgeuzia kioo.

"Ukilitoa duka la viatu, zamani vilikuwa vinarudi kumi na tano kwa mia. Sasa ni nane. Kwa hiyo sehemu ni wao kuondoka. Iliyobaki, kutoka kumi na tano mpaka nane, ni karibu nusu nzima, na hiyo ndiyo simu za asubuhi na mpangilio wa mitaa."

Akavuta simu yangu karibu, akahesabu mwenyewe kwa kikokotoo chake. Safari hii sikusema neno.

"Thelathini sina," akasema mwishowe. "Bajeti ya mwaka imeshafungwa. Cheo naweza kukupa, na cheo hicho mshahara wake unaanzia juu ya wako kwa asilimia kumi na nane. Kuanzia mwezi ujao. Ila utamfundisha mtu wa mapokezi."

Kumi na nane. Nusu yangu ilitaka kumshukuru na kukimbia. Nusu nyingine ilisikia lile swali la mama mteja, umevunja nini.

"Nakubali kuanzia hapo, bosi, na nitamfundisha. Hiyo kumi na mbili iliyobaki, tunaweza kuijadili lini? Bajeti mpya inapangwa mwezi gani?"

"Wa kumi."

"Basi tukutane kabla ya huo, na tukubaliane leo utaangalia nini. Vikiendelea kurudi nane au chini ya hapo, inatosha?"

"Saba," akasema.

Nikafikiria madereva wangu, mvua, na wateja wanaozima simu. "Saba ni ngumu. Lakini sawa. Naomba haya yote yaje kwa barua pepe, cheo na mshahara pia, nisije nikakunukuu vibaya."

Akavuta kibodi akaanza kuandika kwa vidole viwili. Simu yangu ikatetemeka juu ya meza yake. Nikasoma mpaka mwisho. Kumi na nane, mwezi ujao, mkutano kabla ya wa kumi, saba. Vyote vimo.

"Haya," Breki akasema, tayari anatazama mambo mengine. Halafu akaona bado nimekaa. "Kuna lingine?"

"Hapana, bosi. Naisubiri miguu tu."

Akanisogezea chupa yake ya maji.