Anwani ya Kifaru

Watu huniita Kifaru, na jina hilo sikulipata kwa upole. Zaidi ya nusu ya maisha yangu nilikaa stoo ya vipuri vya pampu, na mteja aliyeniletea ujuaji kaunta aliondoka na kipuri chake pamoja na maneno yake. Kisha kampuni ikafungwa, stoo ikapigwa kufuli, na Kifaru akahamia kwenye kochi, ikawa kazi yake ni kutuma maombi na kusubiri. Hakuna aliyejibu. Hata hapana hawakusema. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka nikawa nachoka nikiwa nimekaa.

Binti yetu, anayesomea uhazili, ndiye aliyeona kasoro. Alikuwa ananisomea barua ya maombi kabla sijaituma. Akafika penye anwani ya barua pepe, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Baba, hii ndiyo unayowapa watu? Kifaru na familia?"

"Ina ubaya gani? Ni ya nyumba nzima. Hata shule walikuwa wanawatumia matokeo yenu humo humo."

"Sasa nani ataajiri kifaru, tena na familia yake?"

Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Hakucheka. "Mwache baba yako," alisema. "Hiyo anwani haijamkosea mtu." Simu yenye barua hizo ilikuwa yake, hata maombi yangu alikuwa anayatuma yeye, na mimi nilikuwa namuuliza tu jioni kama kuna chochote. Siku zote jibu lilikuwa hamna.

Tukaanza kutafuta anwani nyingine. Nilidhani ni kazi ya mara moja. Thubutu! Jina langu na la baba, limeshachukuliwa. Tukatia nukta katikati, limechukuliwa. Tukaligeuza, la baba mbele, nalo lina mwenyewe. Nikauliza hao wote wenye jina langu wana kazi, au na wao wamekaa kwenye makochi? Binti akapendekeza tuongeze mwaka wa kuzaliwa. Nikamwambia akome. Mwajiri akiuona mwaka ule atanitafutia mkongojo, si kiti. Akakubali kwamba huo hauna haja ya kutangazwa. Nikasema basi tutie namba zozote. Hapo akakataa yeye.

"Mkia wa namba unafanana na wa matapeli, Baba. Mtu akiuona anaweza kufuta bila kufungua."

"Basi maliza na Kifaru. Ndivyo watu wanavyonijua."

"Wanakujua wao. Huyu hakujui. Anwani iwe kitu ambacho mtu anaweza kukitaja kwenye simu bila kuona haya, lakini iwe yako. Wewe ni nani, ukiondoa hasira?"

Swali hilo lilinikaa vibaya. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu ananiuliza mimi ni nani. Nikawaza, nikawazua, nikaona kweli ukiondoa hasira hakibaki kingi.

"Mtu wa pampu," nikasema.

Akaandika jina langu, la baba, nukta, pampu. Ikakubali. Nikaitazama pale kwenye kioo cha simu kuukuu aliyoniachia, nikajihisi kama nimevaa shati lililopigwa pasi.

"Ile ya zamani msiifute," binti alituonya. "Wale mliokwisha kuwaandikia watajibu kule kule."

"Nitaiangalia mimi, kama kawaida," mke wangu alisema haraka.

Kulikuwa na kampuni moja inayouza pampu, walikuwa wanatafuta mtu wa kaunta ya huduma kwa wateja. Niliwahi kuwaomba kazi ya stoo wakanilia jiwe, wasijibu neno. Nikawaandikia tena kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwandikia, safari hii kwa anwani mpya. Wakaniita.

Afisa wa ajira alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliniuliza habari za pampu, nikamjibu mpaka akaacha kuuliza. Kisha akavaa miwani na kugeukia kompyuta yake.

"Nilikutafuta kwa jina, nikaona uliwahi kutuandikia kwa anwani nyingine. Ni wewe yule?"

"Ile ya Kifaru," nikasema, uso ukinichemka.

"Hiyo hiyo. Tulicheka, nisikufiche. Lakini tulipokujibu kwamba nafasi imepata mtu, ulituandikia kutushukuru. Watu tukiwakataa hunyamaza, au hututukana. Wewe ulitutakia kazi njema, ukasema nafasi ikitokea tukukumbuke. Nikasema huyu ndiye wa kumkalisha mbele ya wateja wenye hasira. Ndiyo maana uko kwenye hicho kiti."

Mlinijibu? Neno lilinifika mdomoni nikalimeza. Mimi sijawahi kumshukuru mtu aliyeninyima kitu, tangu nizaliwe. Nikaiona mikono ya mke wangu ikikunja nguo, nikajua.

Kusema kweli, niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu, nani angejua? Lakini nikamwona akilini mteja wa kwanza akinipandishia sauti, nami nikimpandishia yangu, na mama huyu akitoka ofisini kumtafuta yule mtu mpole wa barua asimwone.

"Si mimi," nikasema. "Aliyeandika ni mke wangu."

Akavua miwani. "Yeye anafanya kazi wapi?"

"Yupo nyumbani. Zamani alikuwa anapokea simu kwenye ofisi moja, kabla hatujapata watoto."

"Mwambie aniandikie."

"Na mimi?"

"Stoo hatuna nafasi kwa sasa, mzee wangu. Samahani sana." Alisema kwa upole, na upole wenyewe uliniumiza.

Nilirudi nyumbani nikiwa natokota. Mke wangu alikuwa mlangoni, akanisoma uso.

"Walikuwa wanajibu," nikasema.

"Walikuwa wanajibu."

"Wengi?"

"Karibu wote. Ulikuwa huli, hulali. Nikaona ukizisoma utaacha kutuma. Nikawa nazifuta."

"Na kuwashukuru je?"

"Mtu amekuandikia, utamnyamazia?"

Nilitaka kupiga kelele, na sauti ilikuwepo. Lakini nilimwona akikaa peke yake na hapana zangu zote, moja baada ya nyingine, kisha jioni akiniambia hamna, na kuniandalia chakula. Nikakaa kwenye ngazi, nikamweleza alichosema yule mama. Sitadanganya, nilimwonea wivu. Nilikuwa nimetafuta kazi mpaka nikachakaa, na yeye ameitwa bila kuomba.

"Mimi?" aliuliza, kisha akauliza tena, "Mimi?"

"Wewe. Ila huwezi kumwandikia kwa anwani ya Kifaru. Njoo tukutengenezee yako. Iitweje?"

Akataja jina analoitwa na mtaa mzima, la kuwa mama wa binti yetu. Nikaanza kuliandika. Akanishika mkono.

"Hapana, futa. Andika langu. Langu na la baba yangu."

Jina hilo lote kwa pamoja sikumbuki mara ya mwisho kulitamka. Ilibidi nimuulize la baba yake linaandikwaje, nikaona aibu. Sikutia nukta wala namba, nikabonyeza. Likakubali papo hapo.

"Halikuwa na mtu?" aliuliza.

"Halikuwa na mtu."

Nikampa simu aweke neno lake la siri, nikageuza uso upande wa pili nisilione.