Wiki Moja Isiyoandikwa

Siku ya nane, kabla wa zamu ya asubuhi hawajamaliza kuvaa aproni, Mama Mvuke alizima mashine namba mbili, akachomoa ufunguo wake na kuutia mfukoni. Hospitali nzima walimwita hivyo kwa sababu alikuwa msimamizi wa chumba cha utakasaji, kule chini ambako mikasi, koleo na vitambaa vya vidonda hufungwa vifurushi na kupikwa kwa mvuke hadi kila kijidudu kife. Miaka kumi na tisa ndani ya joto lile ilikuwa imemnyoosha nywele na kumkausha maneno. Akisema jambo, limesemwa.

"Namba mbili imelala," aliwaambia wenzake. "Vyote viende namba moja, hata tukikesha."

Haikupita nusu saa, Meneja wa utawala akashuka. Kwa kawaida hashuki, huita watu juu.

"Wodi wanalia hawana seti za kufungia vidonda. Nani amezima?"

"Mimi. Kamati ilisema wiki moja. Wiki imekwisha jana, na fundi sijamwona."

"Kamati ilisema wapi?"

"Kwenye kikao! Wewe ulikuwepo, mimi nilikuwepo."

Meneja hakuwa na haraka. Alikuwa na karatasi mkononi, moja tu, imechapwa vizuri na vichwa vya habari vimekolezwa wino. Akamsomea kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "'Kikao kilijadili kwa kina changamoto za vifaa vya utakasaji. Wajumbe walibadilishana mawazo yenye tija na kusisitiza umuhimu wa ushirikiano baina ya idara. Ilikubaliwa kuendelea kutumia rasilimali zilizopo huku hatua za maboresho zikifuatiliwa.'" Akamtazama. "Kuendelea kutumia. Wiki moja iko wapi hapo?"

Mama Mvuke akaipokea karatasi, akaisoma mwenyewe, akaigeuza nyuma kana kwamba maneno yaliyobaki yangekuwa upande wa pili. Nyuma palikuwa peupe.

"Huu ni upuuzi," alisema.

"Huo ni muhtasari rasmi. Lete ufunguo."

Alimpa. Alijichukia mkono ulipokuwa unaingia mfukoni, akajichukia zaidi ulipotoka. Meneja akamkabidhi ufunguo msaidizi wa zamu, na dakika kumi baadaye namba mbili ilikuwa inanguruma.

Kosa la namba mbili halikuwa la kubahatisha. Kila asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza, mashine hupewa kifurushi cha majaribio chenye karatasi maalumu katikati. Hewa ikitoka yote na mvuke ukapenya, karatasi hubadilika rangi sawasawa, pembe hadi pembe. Ya namba mbili ilikuwa inatoka na doa jeupe katikati, kama yai kwenye kikaango. Maana yake hewa inabaki ndani, na palipo na hewa mvuke haufiki. Kifurushi kinatoka cha moto, mkanda wa nje umebadilika rangi vizuri, na katikati yake huna uhakika na chochote. Mashine ya namna hiyo husimamishwa hadi itengenezwe. Hilo halihitaji kamati.

Mama Mvuke alipanda ngazi mbili mbili hadi ofisi ya katibu wa kamati. Katibu alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mpole mwenye miwani ya kamba, ambaye kwa miaka mingi aliandika vikao vyote vya hospitali kwa mkono kwenye daftari kubwa. Alimkuta anakula karanga.

Alimwekea karatasi juu ya karanga. "Shemeji, hii umeandika wewe?"

Katibu alitazama, akafuta vidole. "Hiyo ni ile programu mpya, shemeji. Inarekodi kikao, halafu inatoa muhtasari yenyewe. Meneja ndiye aliyeileta."

"Sikuulizi nani aliileta. Umeisoma kabla ya kuituma?"

"Niliisoma. Nikaona..." Akasita. "Nikaona imekaa vizuri. Haina makosa ya herufi."

"Haina makosa ya herufi!" Sauti yake ilimtoa mtu wa chumba cha pili mlangoni. "Tulipigana mle ndani saa nzima. Sista wa wodi nusura atoke. Wewe ulikuwa umekaa pale na kalamu yako, halafu unaniletea mawazo yenye tija? Tija gani? Nani alisema neno tija?"

"Shemeji, punguza sauti."

"Nipunguze ya nini? Juzi ulikula kwangu, ukamsifia kaka yako mchuzi, na hukuniambia kwamba umenifuta."

Katibu alivua miwani. Bila miwani alifanana sana na mumewe, jambo ambalo halikumsaidia. "Niliambiwa muhtasari uwe ukurasa mmoja," alisema polepole. "Usiwe na lawama, usitaje watu. Na mimi, nikuambie ukweli, nilichoka. Kila nikiandika nani kasema nini, wiki inayofuata ananijia mtu: kwa nini umeandika hivi, futa, nitafukuzwa. Hii programu haigombani na mtu."

"Hiyo sauti iliyorekodiwa ipo?"

"Inakaa siku thelathini."

"Ifungue."

Walifunga mlango wakakaa na simu katikati ya meza, daftari la zamani wazi mbele ya katibu. Kikao kilikuwa cha Jumatatu ya wiki iliyopita, na dondoo hii ya namba mbili peke yake ilichukua dakika hamsini na mbili. Walisikiliza, wakasimamisha, wakarudisha nyuma. Katibu aliandika kwa mwandiko wake wa zamani ulioinamia kulia, na taratibu hasira ya Mama Mvuke ikapata mahali pa kukaa, kwa sababu kila kitu kilikuwepo. Sauti yake ikieleza doa jeupe. Sauti ya Meneja: mashine moja haitoshi, wagonjwa watarudishwa, magazeti yatatuandika. Daktari wa upasuaji, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati: "Mimi chumba changu cha upasuaji kisiguswe na kitu kilichotoka namba mbili. Mengine amueni." Meneja akidakia kwamba basi namba moja ihudumie upasuaji, namba mbili ihudumie wodi, na fundi atampigia leo leo.

Kisha Sista wa wodi, sauti yake ikitetemeka: "Kwa hiyo wagonjwa wangu ndio wa kujaribiwa?"

Kilisikika kiti kikisogezwa, mtu akakohoa.

"Sasa ndipo nilipokataa," alisema Mama Mvuke. "Andika. Nilikataa katakata."

Simu ikasema, kwa sauti yake mwenyewe, ya uchovu: "Sawa. Lakini wiki moja tu. Hadi Jumatatu. Siku ya nane nazima."

Na Sista: "Mimi sikubali. Katibu, naomba iandikwe kwamba sikubali."

Mama Mvuke alinyoosha kidole akasimamisha sauti. Akairudisha. Akasikiliza tena ile "sawa" yake. Wiki nzima alikuwa amejisimulia kikao kile akiwa amesimama, akigonga meza, akisema hapana. Wala hakusimama. Alikubali, na aliyekataa alikuwa mtu mwingine.

Katibu aliinua kalamu. "Hapa tunaweza kusema 'msimamizi alieleza wasiwasi wake.' Ni kweli pia. Ulieleza."

"Usinichezee, shemeji."

"Nakuhurumia tu."

"Basi na mimi unanifanyia kama programu yako. Andika nilikubali."

Aliandika. Walipomaliza, dondoo ya nne ilisomeka hivi:

"Msimamizi wa utakasaji alieleza kuwa karatasi ya jaribio ya mashine namba mbili imetoka na doa siku tatu mfululizo, akataka isimamishwe. Meneja alipinga. Mwenyekiti alitaka vifaa vya upasuaji visipite namba mbili, akaacha mengine kwa wajumbe. Sista wa wodi aliuliza kama wagonjwa wake ndio wa kujaribiwa. Hakujibiwa. Uamuzi: namba mbili itumike kwa vifaa vya wodi kwa wiki moja, mwisho Jumatatu, kisha izimwe. Meneja amwite fundi siku hiyo hiyo. Msimamizi alikubali. Sista hakukubali na aliomba iandikwe."

Kikao kilichofuata kilikuwa Alhamisi, mwenyekiti akiwa amerudi safari. Ajenda ya kwanza, kama kawaida, ilikuwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Huwa inachukua nusu dakika. Mtu anasema nathibitisha, mwingine anaunga mkono, wanageuza ukurasa.

"Nina marekebisho," alisema Mama Mvuke, na katibu akagawa karatasi.

Meneja alisoma, shingo ikamvimba. "Hii haikubaliki. Muhtasari hauwi mahali pa kuanika watu. Tayari upo uliotumwa."

"Uliotumwa haujathibitishwa," alisema katibu. Alikuwa anaangalia meza, lakini alisema. "Hadi kikao kiuthibitishe, ni rasimu. Na sauti ipo kwa anayetaka kuisikia."

"Wewe tulikupa kifaa kikurahisishie kazi!"

"Kilirahisisha," katibu alijibu. "Kazi yenyewe ndiyo ikaachwa."

Daktari wa upasuaji alikuwa bado anasoma. Alipofika kwenye jina la cheo chake alikuna kidevu. Kila mtu aliona angependa sentensi ile isiwepo. Mama Mvuke alimkazia macho, akiwa tayari kupayuka.

"Nilisema hivyo," daktari alisema hatimaye. "Vibaya, lakini nilisema. Fundi alipigiwa lini?"

Meneja alianza kueleza taratibu za manunuzi.

"Nimeuliza lini."

"Hajapigiwa."

Sista wa wodi alifungua kijitabu chake. "Wiki hii nina vidonda vinne vimetunga usaha. Kwa kawaida ninapata kimoja, au hakuna. Sisemi ni mashine. Siwezi kujua. Ninachosema ni kwamba hata ninyi hamuwezi kujua." Akakifunga. "Na ninathibitisha muhtasari huu."

Ulipitishwa kwa kura tano. Meneja hakunyoosha mkono. Namba mbili ilizimwa kabla ya saa sita, vifurushi vyake vyote vikakusanywa wodini, na fundi aliyeitwa na daktari mwenyewe akafika Ijumaa. Mpira wa mlango ulikuwa umechanika, urefu wa kucha. Aliubadilisha, wakarudia jaribio mara tatu, karatasi ikatoka safi.

Jumatatu Mama Mvuke alipata barua kutoka utawala, ikimtaka aeleze ni kwa nini aliendesha mashine aliyoijua ni mbovu kwa zaidi ya wiki. Waliyatoa maneno kwenye muhtasari ule ule alioupigania: *Msimamizi alikubali*. Alicheka, kicheko kibaya, akaikunja barua akaiweka. Angeijibu. Palikuwa na jambo la kufanya kwanza.

Wodini, kitanda cha tatu kutoka dirishani, alikuwa amelala mwanamke muuza nguo, mmoja wa wale wanne wa Sista, mshono wa tumbo umefunguliwa upya na kusafishwa. Sista alimwonyesha kwa kichwa, akabaki mlangoni.

"Shikamoo," mwanamke alisema, akidhani ni daktari.

"Marahaba. Mimi ndiye ninayetakasa vifaa." Alivuta kiti, akamweleza yote: doa, kikao, wiki moja. Hakusema kikao kilibadilishana mawazo. Alisema, "Niliulizwa nikakubali."

Mwanamke alimsikiliza hadi mwisho. "Mlijua?"

"Tulijua."

"Mkakaa mezani mkaamua."

"Ndiyo."

"Toka," alisema mwanamke. "Toka, halafu uniletee hayo makaratasi, yote, na majina ya waliokuwepo. Mume wangu anajua kusoma."

Mama Mvuke alisimama. Alirudi baada ya robo saa na nakala mbili, ya muhtasari wa programu na ya ule wa daftari, majina ya waliokuwepo yakiwa juu.