Aya ya Tatu ya Barua ya Kukubali

Siku baba yao alipoondoka ilikuwa Jumanne asubuhi, chai yake bado inatoa mvuke kwenye kikombe cha bati. Dada mtu ndiye aliyekuwa naye. Alikuwa amemwosha uso, amemgeuza ubavu, kisha akaenda kufungua dirisha. Aliporudi, mzee alikuwa ameshakwenda zake, kimya kimya, kama mtu asiyetaka kusumbua wenye nyumba.

Neno lake la mwisho lililoeleweka alilitoa Jumatatu jioni, na halikuwa la dada mtu. Alimwita Kitinda, mtoto wake wa mwisho, amsomee tena ile barua ya hospitali. Kitinda akaisoma kwa mara ya tatu: umechaguliwa kuwa Karani wa Stoo ya Dawa, kipindi cha majaribio miezi sita, utaripoti Jumatatu tarehe mbili saa mbili kamili. Mzee akacheka kwa macho, maana mdomo ulikuwa umeshamgomea. Dada mtu alikuwa miguuni pa kitanda, anamkanda nyayo. Miaka mitatu alizikanda nyayo zile, na kicheko kikaenda kwa mwingine.

Kilichomkaba zaidi ni kwamba kazi hiyo waliiomba wote wawili. Walisailiwa siku moja, wakasubiri kwenye benchi moja, wakagawana chupa moja ya maji. Dada mtu naye aliletewa barua. Yake ilisema hakufanikiwa kwa sasa, ila jina lake ni la kwanza kwenye orodha ya akiba. Aliyechaguliwa asipokubali kwa maandishi kufikia Ijumaa saa kumi alasiri, ataitwa yeye. Aliikunja mara nne akaisokomeza chini ya nguo sandukuni. Hakumwambia mtu.

Walimzika baba Jumatano. Ijumaa asubuhi, macho bado mekundu, dada mtu alifungua duka anamochapia watu barua. Ana mwaka wa saba pale. Kazi yake ni hiyo: maombi ya kazi, barua za kuacha kazi, mikataba ya vyumba. Jirani yake wa meza, kijana wa mashine ya fotokopi, alimpa pole kisha ulimi ukamwasha.

"Nasikia mdogo wako kapata hospitali kuu."

"Kapata."

"Na barua ya kukubali utamchapia wewe?"

"Atamchapia nani mwingine?"

"Haya, mama wa barua. Utawachapia wenzako kazi mpaka mvi zikuote, wewe umekaa hapo hapo na kibodi isiyo na herufi."

Alisema kwa utani tu. Dada mtu aliupokea kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto mguuni, akainamia kibodi asije akapiga kelele.

Saa nne Kitinda akaingia, ameshika bahasha ya hospitali kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe ya dada yake bila kuomba, na ilimkaa vizuri kuliko inavyomkaa mwenyewe.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa hapo, usinisimamie kichwani."

Dada mtu akaanza kuchapa. Barua ya namna hii mikono yake inaijua hata macho yakiwa yamefumba. Juu anwani na tarehe, kisha kumbukumbu namba ya barua ya ajira, ili karani wa masjala asihangaike kutafuta jalada. Kichwa: Kukubali Nafasi ya Karani wa Stoo ya Dawa. Aya ya kwanza, shukrani kwa mwajiri na kukubali. Aya ya pili, masharti kama yalivyoandikwa: cheo, mshahara, miezi sita ya majaribio. Aya ya tatu, tarehe ya kuanza kazi. Mwisho, kwamba nakala ya barua ya ajira imesainiwa na kuambatishwa.

Kwenye aya ya tatu vidole vikasita. Halafu vikaandika: "Hata hivyo, kutokana na msiba uliotupata, nitakubali nafasi hii endapo nitaruhusiwa kuanza baada ya miezi miwili, na endapo mshahara utaangaliwa upya."

Sentensi yenyewe ilikuwa na adabu zake, hata na machozi kidogo. Lakini dada mtu alijua inafanya nini. Aliwahi kumchapia mpima ardhi mmoja barua ya "nitakubali endapo", na mpima ardhi yule akapoteza kazi. Mwajiri alimjibu kuwa huko si kukubali, ni kuleta pendekezo jipya. Na kwa kuwa hawalihitaji, wamemchukua anayefuata. Hapa anayefuata alikuwa ameketi mbele ya kibodi.

Akachapisha karatasi mbili, moja ya hospitali na moja ya kugongewa muhuri wa kupokelewa, akampa kalamu. "Saini hapa chini. Na hapa."

Kitinda kila siku husaini bila kusoma. Anamwamini dada yake kama anavyoamini kitanda chake. Siku hiyo akasoma. Akasoma taratibu, midomo ikichezacheza, kama alivyokuwa akimsomea baba.

"Dada, hii aya ya tatu nimesema mimi?"

"Nimekuwekea. Ukitaka wakuheshimu, usikubali kila kitu kama kuku."

Kitinda akaweka kalamu chini. Akavuta kiti karibu, kijana wa fotokopi asisikie.

"Juzi nilikuwa natafuta vyeti vya baba kwenye sanduku lako. Niliiona barua yako."

Dada mtu akatazama kibodi.

"Kama unaitaka kazi, niambie tu," Kitinda akasema. "Nisipopeleka kitu mpaka saa kumi, watakuita wewe. Umemuuguza baba peke yako. Chukua. Mimi nitatafuta nyingine."

Hapo ndipo wivu ulipomshika kweli kweli. Kumnyang'anya mdogo wake alikuwa ameshajizoesha nako tangu alfajiri. Kupewa na mdogo wake hakukuweza. Kitinda alikuwa na kazi, alikuwa na kicheko cha mwisho cha baba, na sasa alitaka awe na roho nzuri pia. Dada mtu angeketi kwenye ile stoo, na kila akifungua daftari la dawa angekumbuka nani aliyempa kiti. Na kila mgeni nyumbani angeambiwa habari ya mdogo mwenye moyo.

"Usinifanyie huruma," akasema.

"Si huruma, dada."

"Ni nini basi? Leta hizo karatasi."

Akazichana vipande vinne, akaifuta aya nzima kwenye kompyuta, akaandika nyingine kwa kupiga herufi kwa nguvu hadi kijana wa fotokopi akageuka: "Nathibitisha kuwa nitaripoti kazini Jumatatu tarehe mbili, saa mbili kamili asubuhi, kama ilivyoelekezwa." Hakuongeza neno. Akachapisha mbili.

Kitinda akasaini. Dada mtu akapanga kila kitu mwenyewe, barua juu, nakala ya ajira chini, akabana pini kwenye kona. Alimsindikiza hadi hospitali, maana hakutaka kuja kusimuliwa. Kwenye dirisha la masjala karani alisoma mistari yote bila haraka.

"Ndiyo barua hii," karani akasema. "Wengine hutuletea hadithi." Akagonga muhuri saa saba na robo. "Nani kakuandikia?"

"Dada yangu."

Karani alimtazama dada mtu, akatikisa kichwa kwa kusifu, na sifa hiyo ikamchoma kama maneno mengine yote ya siku ile.

Njiani kurudi Kitinda alitaka kumshika mkono. Dada mtu akahamishia mkoba upande huo.

Jumatatu tarehe mbili Kitinda ataanza kazi saa mbili. Dada mtu atafungua duka saa moja na nusu, na chumba cha baba kitabaki na kitanda bila mtu wa kugeuzwa.