Bei Haina Miguu

Habari hii nilipewa na Angelina, mke wa Simon, mwezi wa nane mwaka huu, siku alipokuja kunisaidia kupukuchua mahindi. Tulikaa juu ya magunia kuanzia asubuhi hadi jua likageuka, naye akawa ananieleza ya mama mkwe wake, Bernadina, yule mwenye mashine ya kusaga kule Oldeani, juu ya mashamba ya kahawa. Nami naieleza kama nilivyoisikia. Nikikosea mahali, kosa ni la masikio yangu.

Bernadina ana mashine ya dizeli, na tangu mume wake afariki anaiendesha mwenyewe. Wateja wake ni wa aina mbili. Wako majirani, wakulima kama sisi, wanaokuja siku yoyote na debe moja au mawili kichwani. Halafu wako akina mama wa Kimasai kutoka ndani ya hifadhi. Kule kulima hakuruhusiwi, kwa hiyo wao huuza mbuzi, hununua mahindi, huyapakia kwenye punda na kuja kusaga kwa Bernadina kila baada ya wiki mbili, Jumatano. Wakija wao, mashine inanguruma mpaka saa tisa. Bila wao, Bernadina hawezi hata kununua mkanda mpya.

Pale njia panda kuna mashine nyingine, ya umeme, ya kijana anaitwa Inosenti. Bei yake ni ya chini. Lakini kwa Inosenti unga wako ukibaki ndani ya mashine, umebaki. Bernadina anaugonga mfuko wa kitambaa, anaukung'uta mpaka vumbi la mwisho lidondoke kwenye gunia lako. Ndiyo maana punda walikuwa wanapita njia panda bila kusimama.

Sasa mwaka huu, masika yalipoanza, Bernadina alikaa kitandani akapiga hesabu akaona haendi popote. Dizeli inapanda, na kijana wa bodaboda anayemletea madumu kutoka Karatu ameongeza nauli kwa sababu ya tope. Vile vyuma vidogo vinavyopiga mahindi ndani ya mashine, mafundi wanaviita nyundo, vilikuwa vimelika. Kwa bei ya shilingi elfu moja na mia tano kwa debe, alikuwa anawasagia watu na kuisaga mashine yenyewe.

Akaamua iwe elfu moja mia nane. Kuamua hakukumsumbua. Kusema ndiko kulimsumbua. Wiki nzima alikuwa anafungua mdomo na kuufunga. Mwishowe akaenda kwa Mwalimu Josephati, mstaafu, akamwomba amwandikie.

Mwalimu akamwandikia kwenye kipande cha boksi, herufi kubwa zilizonyooka:

TANGAZO. Uongozi wa mashine unawatangazia wateja wote kuwa, kutokana na hali ya mfumuko wa bei, bei ya kusaga imepanda. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa nne debe la dona ni shilingi 1,800 badala ya 1,500. Tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza.

Likabandikwa mlangoni Ijumaa, tarehe ishirini na nane. Bernadina akajisikia mwepesi. Maneno yamesemwa, na si yeye aliyeyasema.

Majirani walisoma wakacheka. "Mama Simon, huu uongozi ni nani? Ni wewe na paka?" Alikuwa Laurencia, jirani wa ng'ambo ya mto, mwanamke ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa. Bernadina akacheka naye, akatazama chini. Tarehe moja ikafika, ikawa Jumanne, Laurencia akaleta madebe mawili, akalipa bei mpya. Alinung'unika, lakini alilipa.

Kesho yake, Jumatano, punda saba wakateremka kutoka upande wa msitu.

Aliyetangulia alikuwa Nosim, mama mtu mzima, ndiye kiongozi wao wa njiani. Bernadina humwita Ng'oto Lembris, ndiyo kusema mama yake Lembris, kwa lugha ya kwao. Wakasalimiana, wakaulizana ng'ombe, watoto, mvua. Wenzake wakaanza kushusha magunia. Nosim akafungua pindo la shuka lake kutoa hela.

"Ngoja kwanza, Ng'oto Lembris," Bernadina akasema, akaonyesha mlango kwa kidevu. "Kuna tangazo."

"Naliona. Ni boksi zuri. Linasemaje?"

"Linasema bei imepanda."

"Imepanda?"

"Imepanda. Tangu jana."

Nosim akalitazama lile boksi, akamtazama Bernadina. "Mama Simon, mbuzi ndiye anayepanda. Anapanda jiwe, anapanda paa la nyumba. Bei haina miguu. Nani ameipandisha?"

"Ni mafuta, dada yangu. Hali ya maisha."

"Sijauliza mafuta. Nimeuliza mtu."

Wale wanawake wengine wakaacha kushusha. Laurencia naye alikuwepo, amefuata pumba za kuku wake, akasogea karibu asipitwe na neno. Bernadina akasikia uso unawaka. Alijua kwamba akijibu tena "imepanda", punda hawa watageuzwa vichwa, na njia panda haiko mbali.

"Ni mimi," akasema. "Nimeipandisha mimi."

"Ee," Nosim akasema, akakaa juu ya gunia. "Sasa tunaweza kuongea. Uliipandisha kwa nini?"

Bernadina akachukua spana, akafungua mlango wa pembeni wa mashine, akatoa nyundo moja, akamwekea mkononi. Chuma kile kikiwa kipya kina kona kali nne. Hiki kilikuwa kimeviringika kama sabuni ya mwisho wa mwezi. Nosim akakigeuza, akapitisha kidole gumba.

"Hiki ndicho kinakula mahindi yangu?"

"Hicho ndicho kinashindwa kuyala. Ndiyo maana unga wa safari iliyopita ulikuwa na chenga."

"Niliuona. Nikasema labda mahindi yalikuwa mabichi." Akampitishia mwenzake, naye akampitishia mwingine. "Sababu hii ninaielewa. Lakini tazama, Mama Simon, tulitoka nyumbani jana alfajiri. Mimi na hawa tumebeba hela ya bei ile tunayoijua, debe kumi na nne, hakuna ya ziada. Boksi lako limebandikwa hapa. Sisi tuko kule. Lilitaka tuoteshwe?"

Bernadina akalitazama boksi lake. Alipochagua tarehe moja alifikiri ni mwanzo wa mwezi, mahali pazuri pa kuanzia jambo. Hakuwaza kwamba kati ya Ijumaa na Jumanne hakuna Jumatano.

"Leo nitawasagia kwa bei ya zamani," akasema.

"Kumbe," Laurencia akadakia. "Sisi tunaojua kusoma ndio wa kukamuliwa. Mimi jana nimelipa mia nane hiyo. Au kwa kuwa sina punda?"

Akina mama wakacheka, Nosim pia, lakini Bernadina hakucheka. Aliona Laurencia anasema kweli. Angewapunguzia hawa peke yao, kufikia Jumapili kanisani angekuwa na bei mbili na uso mmoja. Angewatoza bei mpya, angewapoteza palepale. Akasimama katikati ya pumba na unga, watu wote wanamtazama, akafikiri polepole kama kawaida yake.

Kisha akaenda mlangoni akalibandua lile boksi.

"Tarehe ile ilikuwa mbaya," akasema. "Nimekosea mimi, Mwalimu hana kosa. Laurencia, chukua mia sita yako. Na wenzako wa jana waambie waje. Angelina, niletee boksi lingine na ile kalamu nene."

Akaandika mwenyewe, amepiga magoti, herufi zinapanda na kushuka. Alipomaliza alisoma kwa sauti, taratibu:

Wateja wangu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi Bernadina nimepandisha bei ya kusaga. Debe la dona litakuwa shilingi 1,800 kuanzia tarehe 2 mwezi wa tano. Kabla ya siku hiyo ni 1,500 kwa kila mtu. Sababu ni mafuta, na nauli ya kuyaleta wakati wa tope, na nyundo za mashine zimekwisha, nanunua mpya. Aliyelipa zaidi jana aje achukue iliyozidi. Nikitaka kubadilisha tena nitawaambia mwezi mzima kabla. Nawashukuru kwa kunivumilia miaka yote hii. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.

"Tarehe mbili ya mwezi wa tano," Nosim akasema. "Mimi sina kalenda. Nihesabie kwa punda."

Bernadina akahesabu kwa vidole. "Leo bei ya zamani. Mkija tena, ya zamani. Mkija tena, ya zamani. Safari inayofuata hiyo, ndiyo mpya."

Nosim akairudia kwa Kimasai kwa wenzake. Ndani ya maneno hayo Bernadina alisikia jina lake likitajwa, Bernadina, si uongozi. Kisha akairudisha nyundo mahali pake, akawasha mashine.

Mwalimu Josephati alipita jioni akasimama mbele ya mlango, mikono nyuma. "Bernadina, tangazo halianzi na shikamoo. Hii ni barua ya kwa mjomba."

"Ndivyo ninavyowasalimia kila siku, Mwalimu."

Akasoma tena mpaka mwisho. Akatoa kalamu mfukoni, akaweka nukta mahali nukta ilipokosekana, akaenda zake.

Mwezi ule Bernadina alisaga kwa hasara, na hakuwa na usingizi mzuri. Kusema mapema kunampa mtu nafasi ya kujiandaa, lakini kunampa pia nafasi ya kwenda kutafuta kwingine. Alilijua hilo. Alinunua nyundo kwa hela aliyoiweka kwa ajili ya bati la jikoni, akazifunga na fundi, akangoja.

Jumatano ya bei mpya ikafika, tarehe kumi na nne. Saa nne hapakuwa na mtu. Saa tano hapakuwa na mtu. Angelina alimwona anafagia sakafu iliyokwisha kufagiwa. Karibu saa sita wakasikia kengele, wakatoka nje kuhesabu. Punda walikuwa sita.

"Wawili wamebaki kwa Inosenti," Nosim akasema kabla hajaulizwa. "Walisema mia tatu ni mia tatu. Ila nimekuja na mmoja mpya, huyu Naeku, anatoka mbali zaidi yetu."

Naeku akauliza bei. Kabla Bernadina hajafungua mdomo, Nosim alishamweleza kwa lugha yao, kidole kimoja kwa kila sababu, na alipofika kwenye nyundo akamwonyesha mashine. Naeku akaitikia kwa kichwa, akafungua pindo la shuka. Hela ilikuwa kamili. Hakuna aliyenung'unika, hakuna aliyesifu.

Unga ulitoka laini. Nosim akausugua kati ya vidole viwili, akaulamba, akafunga gunia.

Jioni, baada ya kula, Angelina alimuuliza mama mkwe wake kama hao wawili hawajamuumiza.

"Wameniumiza kidogo," Bernadina akasema. Alikuwa ameshavua viatu, unga bado umemkaa kwenye nyusi. "Lakini hawakukimbia kitu walichokuta mlangoni. Walijua tangu mwezi uliopita, wakachagua. Mtu akichagua huwezi kumkasirikia. Kesho unikumbushe nimpelekee Mwalimu unga kidogo, kwa ajili ya ile nukta..."

Angelina akangoja amalizie. Akageuka, akamkuta amelala palepale alipokaa, mdomo wazi kidogo. Akamfunika kwa khanga, akaweka komeo mlangoni, naye akalala.