Siku Nne za Ugonjwa wa Mlimani

Hosea alikuwa amebeba mizigo ya watalii Kilimanjaro miaka tisa, na sasa alitaka cheti cha kuongoza wageni. Wiki mbili kabla ya mtihani, dada yake Tabitha, mwalimu wa Himo, alichukua muhtasari wa kozi akampangia ratiba. Siku nne za mwisho zilikuwa za mitihani ya zamani. Kumi zilizobaki alizigawa kwa alama: ugonjwa wa mlimani, wenye asilimia arobaini, siku nne; jiografia tatu; mimea na wanyama mbili; historia ya Wachagga, yenye asilimia kumi, siku moja.

"Dada, ugonjwa huo? Walionao nimewateremsha mgongoni!"

"Haya, daktari wa mgongo."

Tabitha alipogeuka tu, Hosea akabadilisha: historia siku nne, ugonjwa moja. Habari za wamangi, watawala wa zamani wa Wachagga, zilikuwa tamu kama pombe ya mbege.

Kwenye mtihani wamangi walimletea alama zote kumi. Alipoulizwa dalili za maji kwenye mapafu na za kuvimba ubongo, aliandika tu, "Mteremshe haraka." Ni kweli, ila alama nyingi zilikuwa kwenye dalili.

Alifeli. Laiti Tabitha angemcheka! Alisema tu, "Mwakani tena, mdogo wangu." Hosea akajitwisha mzigo, akapanda nyuma ya kiongozi mpya ambaye Hosea mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufunga mizigo.